Utumbo Wenye Mistari

Mimi matumbo ya mbuzi nimeyaona tangu sijaota meno ya pili, na hakuna hata moja lililowahi kunitisha. Wanaume wetu wanasoma utumbo jinsi watu wa mjini wanavyosoma magazeti. Mbuzi akichinjwa, utumbo unatandazwa juu ya ngozi yake, wazee wanainama, wananyoosha vidole, wanabishana kuhusu mvua na malisho na nani atazikwa mwaka huu. Sisi wanawake tunakaa kando tunangoja nyama, na tunawacheka kimyakimya. Lakini siku ile pale Nakalale, kando ya mto mkavu, mzee Ekidor alipoufunua utumbo mpana wa yule mbuzi, maneno yaliwakauka wote mdomoni. Nikainua shingo nione kulikoni.

Utumbo ulikuwa na mistari. Mistari myekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, imepangana mmoja kando ya mwingine, kama mgongo wa punda milia. Mwili ulinisisimka. Nani alimchora mnyama huyu kwa ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika? Ekidor, ambaye amesoma matumbo mengi kuliko nywele alizobaki nazo kichwani, alijifuta jasho na kukaa chini.

Mbuzi mwenyewe alikuwa wa mkwe wangu Lokwawi, mume wa binti yangu wa pekee, Naperit. Kwake mbuzi walikuwa wameanza kufa. Walikuwa wanazubaa, wanaacha majani, wanahara mpaka miguu ya nyuma inalowa, kisha wanalala hawainuki. Basi Lokwawi akaleta mmoja aliyekuwa bado anasimama, achinjwe, mzee aseme ni nini kinachokula zizi lake.

Ekidor aliutazama ule utumbo muda mrefu. "Hizi ni njia," akasema. "Njia nyingi mno. Kuna adui anatujia, na haji kwa njia moja."

Kwetu neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Adui akisikika, kila boma linavunjwa, watu wote wanahamia mahali pamoja, na mbuzi wa kila mtu wanaingizwa ndani ya duara moja kubwa la miiba, wenye bunduki wanazunguka nje. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyookoka, na hivyo ndivyo tulivyookoka sisi. Lochoro, mkuu wa vijana wenye bunduki, alisimama hapohapo akaanza kugawa kazi. Kesho jua likizama, mbuzi wote wa Nakalale wawe wamekusanyika uwandani. Hakuna aliyeuliza swali, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeiona ile mistari kwa macho yangu, na niliamini.

Nyama ikagawanywa. Mimi ni mjane, na mjane hakosi kitu, hata kama ni kile ambacho wengine hawakigombanii. Siku hiyo nikapewa kichwa. Nikakaa kando ya moto na kisu changu, nikakipasua mdomo ili nikisafishe, na harufu ikanipiga usoni. Haikuwa harufu ya nyama. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza kikiwa bado hai.

Nikaugeuza ule mdomo kwenye mwanga. Ufizi na upande wa ndani wa midomo ulikuwa umegandwa na kitu cheupe kijivu, mfano wa pumba za mahindi zilizolowa. Nikakikwangua kwa ukucha, kikatoka, na chini yake kulikuwa na vidonda vyekundu tupu. Pua zilikuwa zimezibwa na makamasi yaliyokauka, macho yamegandana kwa tongo. Kisu kilinianguka mkononi. Huu mdomo mimi naujua.

Ni lomoo. Madaktari wanaiita sotoka ya mbuzi na kondoo, sisi tunaiita lomoo, na iliwahi kukaa nyumbani kwangu. Mume wangu marehemu alikuwa na zizi ambalo ukisimama upande mmoja huoni upande wa pili kwa sababu ya migongo ya mbuzi. Lomoo ilipoingia, niliwaosha midomo kwa maji ya chumvi mmoja mmoja, na huku nikiosha mbele walikuwa wanamwagika nyuma. Wenye mimba walizitupa. Wadogo walikufa wakikohoa. Mume wangu akafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa kwetu mwenye akili angefanya: aliwatoa waliokuwa wanaonekana wazima, akawagawa kwa ndugu na marafiki zake, ili kifo kikimaliza hapa, kitu kibaki kule. Mazizi ya rafiki zake yote yakafa. Wale mbuzi walikuwa wameenda na lomoo pumzini mwao, na wakati wanaondoka walikuwa wanang'aa. Baada ya hapo tuliishi kwa mahindi ya msaada, na mume wangu hakupiga mluzi tena mpaka alipokufa.

Sasa Lochoro anataka kuwaweka mbuzi wa Nakalale wote pua kwa pua ndani ya duara moja. Na mbuzi wa Lokwawi wawe katikati yao!

Mwanamke hakanyagi pale wanaume walipotandaza utumbo. Nilijua hivyo kabla sijajua jina langu. Nikakibeba kile kichwa kwa pembe, nikaenda. Mmoja wao akaniuliza kama nimekosa chumvi, wengine wakacheka. Nikakiweka kichwa mbele ya Ekidor, mdomo wazi.

"Baba," nikamwambia, "umesoma tumbo. Soma na huku."

Lochoro akaanza kunifokea niondoke. Ekidor alimnyamazisha kwa mkono tu. Akachuchumaa, akaingiza kidole mdomoni mwa yule mbuzi, akakinusa, akakitazama. Kisha akageukia utumbo uliokuwa bado umetandazwa juu ya ngozi, akarudi tena kwenye mdomo, akarudi tena kwenye utumbo. Mimi nikaeleza nilichokuwa nacho cha kueleza, kuhusu zizi la mume wangu na marafiki zake, kwa hasira, maana naichukia lomoo kama mtu. Nilidhani mzee ataona aibu. Haikuwa aibu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesimama karibu mno na kitu kikubwa.

"Sikusoma vibaya," akasema polepole. "Adui ndiye huyu. Na njia hizi ni zetu sisi wenyewe. Ni za kisimani, za malisho, za kupeana mbuzi. Anapita humohumo tunamopita."

Nikahisi baridi mchana wa jua kali. Lochoro hakukubali. Akauliza, na lilikuwa swali la haki, itakuwaje wavamizi wenye bunduki wakija kweli na kutukuta tumetawanyika, kila boma peke yake.

"Wakija, mtaniuliza mimi," Ekidor akamjibu. "Wenye bunduki huwa wanabakisha. Huyu habakishi."

Mzee wa watu aliliweka jina lake lote hapo. Siku hiyohiyo ikapita amri mpya. Kila boma libaki lilipo. Mbuzi wa mtu asiingie zizi la mwingine, asiuzwe, asitolewe zawadi, asipokelewe. Kila boma wachimbe kisima chao mchangani, na Lokwawi achimbe cha kwake chini kabisa ya mto, mbuzi wake wasipande huku juu. Mtu mmoja akatumwa kilimani penye mtandao ampigie simu Nangiro, daktari wa mifugo. Mimi nikarudi nyumbani nikijiona shujaa, na nikalala vizuri. Nilisahau kitu kimoja, kwamba boma la Lokwawi ndilo boma la mwanangu.

Asubuhi nikasikia kengele ya mbuzi. Naperit alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, anaswaga mbuzi wachache mbele yake. Walikuwa wazuri, manyoya yanateleza, masikio yamesimama. Mbele yao alitembea Nakwang, mbuzi mweupe ambaye mimi mwenyewe nilimpa Naperit alipojifungua. Naperit aliumwa baada ya uzazi na maziwa yake yakakauka, kwa hiyo yule mtoto alikuwa anaishi kwa Nakwang. Naweza kusema Nakwang ndiye mama yake wa pili, na sitanii.

Nikaelewa anachotaka kabla hajafungua kinywa. Nikachukua fimbo, nikasimama katikati ya mlango wa zizi langu.

"Rudi, Naperit. Usiwalete karibu."

"Mama, hawa ni wazima. Watazame."

"Ni wazima leo."

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayedhani hajasikika vizuri, kwamba wale wagonjwa amewaacha na mumewe, kwamba hawa hawajakohoa hata mara moja, kwamba mimi nina zizi na nafasi na kisima changu. Ni mambo ya kawaida. Mtu akipatwa na janga, ndugu anapokea wanyama wake. Mtu asiyepokea, kwetu tunamwita jina ambalo siwezi kulitaja hapa. Nikamwambia lomoo inatangulia pumzini, dalili za kuonekana kwa macho zinafuata baadaye. Akaniambia nimchukue basi Nakwang peke yake.

"Akifa, mtoto atakunywa nini?"

"Maziwa nitaleta mimi kila asubuhi, niyaache pale chini ya mgunga. Wewe utapita kuyachukua. Mbuzi hapiti."

"Hata jirani angenifungulia," akasema. "Hata mtu asiyenijua."

Nakwang hakuwa na habari na ugomvi wetu. Alilitambua zizi alikozaliwa, akaja moja kwa moja mlangoni akilia. Nikamchapa. Nilimchapa puani mbuzi anayemlisha mjukuu wangu, akaruka nyuma, na mtoto mgongoni akashtuka na kuanza kulia. Naperit aliniangalia, akageuza mbuzi wake, akaenda. Nililia mpaka kichwa kikauma, na sijali nani anajua.

Daktari Nangiro alifika kesho yake kwa pikipiki, boksi la baridi limefungwa nyuma kwa mpira. Ni mwanamke mfupi, mkali, asiyepoteza muda. Lochoro akamwomba mbuzi wakusanywe mahali pamoja ili kazi iishe mapema. Daktari akamwambia akitaka kuwakusanya asimwite yeye, aiite lomoo yenyewe, itafurahi. Wanawake tukacheka, na Lochoro naye akacheka kidogo. Kazi ikafanywa boma kwa boma, kuanzia lile lililo mbali zaidi kutoka kwa Lokwawi, na kwake ikaachwa iwe mwisho wa safari.

Kwangu alipofika, Ekidor alikuja naye kuangalia. Daktari akatoa kichupa kutoka kwenye barafu. Kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba changu, na ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na unga mkavu kidogo, wa kuweza kupeperushwa kwa pumzi moja. Akamimina maji yake maalumu, akatikisa, unga ukapotea. Akasema sasa dawa haingoji tena, jua lisiiguse, na ikibaki baada ya saa chache inamwagwa. Kichupa kimoja kinatosha zizi zima.

Ekidor akaomba akishike. Alikishika kwa mikono yote miwili kama yai la ndege, akauliza ndani mna nini.

"Lomoo yenyewe," daktari akasema. "Imedhoofishwa, haiwezi kuua. Damu ya mbuzi inaiona, inajifunza kupigana nayo. Ile ya kweli ikija, inakuta imeshajulikana."

Mzee alikiinua kichupa kwenye mwanga. Nilikuwa nalifikiria lile zizi la mume wangu, pana vile, na kwamba lingeweza kukaa lote ndani ya kile kichupa. Ekidor akakirudisha, akasema kwamba maisha yake yote amekuwa anamtafuta adui ndani ya matumbo, kumbe kuna watu wanamfungia ndani ya chupa na kumfuga. Kisha akavua kofia yake yenye manyoya ya mbuni, akaishika mkononi mpaka mbuzi wangu wa mwisho alipochomwa.

Wakachomwa chini ya ngozi, mmoja mmoja, daktari akibadilisha sindano, na kila aliyechomwa akakatwa alama ndogo sikioni. Wachanga wanaonyonya wakaachwa wangojee wakue. Daktari akatuonya tusijidanganye. Chanjo siyo ngao ya leo, mwili unahitaji kama wiki mbili kujifunza, na aliyekwisha kuingiwa na ugonjwa chanjo haimwokoi. Kwa hiyo njia zibaki zimefungwa. Kwa Lokwawi alisema wazi kwamba amechelewa, maana ugonjwa umeshatembea zizi zima, na dawa ya kuua lomoo hakuna. Aliwapa dawa ya kifua na vidonda visije vikaingiliwa na mengine, akawafundisha maji ya chumvi, uji mwepesi na majani laini, na waliokufa wazikwe kwenye shimo refu. Akaosha buti zake na mikono, akapanda pikipiki, akaenda mjini bila kupita kwa mtu mwingine.

Kisha tukangoja. Kila asubuhi nilipeleka kibuyu cha maziwa chini ya mgunga, nikarudi nyuma, na Naperit akaja kukichukua. Hakunisalimia. Upepo ukigeuka nilisikia mbuzi wao wakikohoa ng'ambo ya mto, na harufu ikaja nao. Mkwe wangu, ambaye kwa heshima huwa anajificha akiniona, sasa alikuwa hajifichi. Alikuwa anachimba mashimo na hakuwa na nguvu ya kukumbuka heshima.

Na wale mbuzi wazuri? Siku chache tu baada ya ile asubuhi ya fimbo, Naperit alifika kwenye mgunga na hakuchukua kibuyu. Akasimama tu. Akaniita kutoka kule.

"Mama. Wale wameanza."

Nikakaa chini palepale mchangani. Wale niliowakataza mlangoni walikuwa wametokwa na makamasi wote, na midomo imechubuka. Wangekuwa ndani ya zizi langu. Wangelala ubavu kwa ubavu na mbuzi wangu ambao damu yao ilikuwa bado haijajifunza kitu, na kutoka kwangu wangeipeleka malishoni kwa mbuzi wa wengine. Nilisema kweli tangu mwanzo, na sikupata furaha hata kidogo. Niliuliza kuhusu Nakwang. Naperit akasema naye ameanza kukohoa, akachukua kibuyu, akaenda.

Wenye bunduki hawakuja. Lakini ng'ambo ya vilima, mahali ambapo habari yetu haikufika kwa wakati, tuliona tai wakizunguka angani mpaka tukaacha kutazama. Wakati huo ndipo nilipoanza kuamka kabla ya jua na kukaa mlangoni kwa zizi. Mwanga ukifika, mbuzi wangu waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakajinyoosha, wakajikung'uta vumbi, wakaanza kugombana kama kawaida yao ya kishenzi. Hakuna aliyekohoa. Nje ya miiba kulikuwa na kifo kinachotembea, na wao walikuwa wananusa mikia. Asubuhi moja nilimkuta Ekidor amesimama pale kabla yangu, kofia mkononi tena. Tulisimama pamoja, na nywele zilinisimama mwili mzima kwa kuona tu mbuzi wanacheua.

Daktari alirudi wakati ambapo hapakuwa na mgonjwa mpya kwa muda mrefu. Akakagua midomo boma kwa boma, akasema njia zifunguliwe. Kwa Lokwawi walikuwa wamebaki mbuzi wa kuhesabika kwa mkono. Hao, alisema, lomoo haitawagusa tena maisha yao yote, na hawawaambukizi wenzao.

Nikaivuta miiba ya mlango wangu mapema, nikaiweka kando kabisa. Nikangoja. Jua lilikuwa limepanda nilipoisikia ile kengele. Naperit alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, na mbele yake Nakwang. Sikumtambua mara moja. Mbavu zilikuwa nje, manyoya yamesimama ovyo, na midomo ilikuwa na makovu meupe. Naperit alikuwa amemlisha uji kwa mkono, kijiko kwa kijiko, akimwosha mdomo asubuhi na jioni, wakati wengine wote wanakufa kando yake.

Walifika kwenye mgunga, pale tulipokuwa tunaachiana kibuyu, na Naperit akasimama. Nakwang naye akasimama. Nikawapungia mkono waje. Hakusogea.

"Nifungulie, mama," akasema.

"Mlango uko wazi, mwanangu."

"Nauona. Nataka niusikie mdomoni mwako."

Nikaondoka katikati ya mlango, nikasimama pembeni.

"Pita," nikasema. "Pita na mbuzi wako."

Nakwang ndiye aliyetangulia. Alipofika mlangoni, mahali niliposimama na fimbo siku ile, alisita, akainamisha kichwa pembeni. Nikamwonyesha mikono yangu mitupu. Akanusa vidole vyangu kwa ile pua niliyoichapa, kisha akaingia ndani, katikati ya wakubwa wenzake wenye masikio yaliyokatwa, yeye pekee akiwa na masikio mazima. Naperit akafungua mbeleko, akanipa mtoto.